Nesi wa shule kaniletea karatasi ya dawa ya pumu ya mtoto nisaini, imeandikwa 2x3 kama vidonge. Nisaini au nisisaini?

Mama_Zuhu (Tandahimba):
Habarini wana jukwaa, wakubwa shikamooni. Naomba ushauri maana nimebanwa, karatasi inatakiwa irudi Jumatatu.

Mwanangu wa kike ana miaka 8, yuko darasa la 3 shule ya binafsi ya kutwa huku kwetu. Ana pumu toka mdogo. Hospitali walimpa pampu mbili, ya kahawia anavuta nyumbani asubuhi na usiku, na ya bluu ya akibanwa. Shule mwaka huu wamepata nesi, tumefurahi kwakweli, na kaanza kuwaandikia watoto wenye magonjwa karatasi ya namna ya kupewa dawa wakiwa shule. Ya kwangu imeandikwa hivi, nanakili kama ilivyo:

"Mwanafunzi ana pumu. Apewe pampu ya bluu 2x3, saa 4, saa 7 na saa 9. Dawa itunzwe kabatini ofisi ya nesi. Mwanafunzi haruhusiwi kukaa na dawa. Akizidiwa mzazi apigiwe simu."

Sasa kinachonisumbua ni kilichotokea wiki ilopita. Mnajua huku saa hizi ni msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho na shule imezungukwa na mashamba, asubuhi mashine zinaunguruma vumbi la njano linaingia mpaka darasani. Mtoto kaanza kukohoa saa 5, kaenda kwa nesi akaambiwa ushapata ya saa 4, subiri ya saa 7. Mwalimu wake wa darasa ndo kanipigia, nikaenda na bodaboda nikamkuta mbavu zinabonyea. Alipopewa akatulia lakini mi sijatulia mpaka leo. Nesi ni binti mpole tu anasikiliza, sitaki kugombana nae, nataka nijue nimwambie nini.

Kipara_wa_Newala:
Pole mama. Mi nakwambia usisaini. Ila na wewe usimlaumu nesi, ile pampu haitakiwi kuzidi mara 2, ikizidi moyo unaenda mbio na mikono inatetemeka, mdogo wangu ilishamtokea. Bora umuombee hospitali vidonge vya salbutamoli akae navyo shule, kidonge hakina makelele, anameza na maji basi. Na msimu wa salfa mwambie mwalimu amkalishe mbali na dirisha la upande wa mashamba, hiyo inasaidia sana.

Bibi_Korosho:
Jamani na mimi mjukuu wangu ana aleji ya korosho, akila hata kipande midomo inavimba na anawashwa mwili mzima, mara ya mwisho sauti ilikauka kabisa. Shule nimewapelekea Piriton. Nesi aandike na yeye 2x3?

Sista_wa_Wodi (Mtwara mjini):
Mama Zuhu pole sana. Mimi nafanya kazi wodi ya watoto, naomba nikujibu taratibu maana hapa kuna kitu kimoja tu kilichokosewa na ndo kimezaa hayo mengine yote.

Hiyo 2x3 ni mazoea ya bahasha ya vidonge. Kidonge cha dozi unameza kwa saa kwasababu kinatakiwa kikae mwilini muda wote. Pampu ya bluu haiko hivyo, kazi yake ni kufungua njia ya hewa iliyobana, inaanza kufanya kazi ndani ya dakika chache na nguvu yake inaisha baada ya masaa 4 hadi 6 hivi. Sasa mtoto ambae hajabanwa ukimpa saa 4 hujamsaidia chochote, halafu akibanwa saa 5 nesi anaangalia karatasi anaona dozi imeshatoka. Nesi alifuata maandishi. Karatasi ndo mbaya. Ya kutumika kwa saa, abanwe asibanwe, ni ile ya kahawia, na hiyo ishapangwa nyumbani, iacheni hukohuko.

Kwahiyo mwambie nesi afute saa, aandike DALILI. Na asiandike "akizidiwa" peke yake maana kila mtu ana kuzidiwa kwake. Aandike anachokiona kwa macho na kukisikia kwa masikio: anakohoa mfululizo, kifua kinapiga filimbi, anasema kifua kimebana. Hapo anapewa palepale hata kama ni dakika 20 tu toka avute ya mwisho.

Ngapi? Hilo lijazwe na daktari wake kwenye karatasi hiyohiyo na asaini, lakini nikupe mfano ujue linavyokaa. Australia mashuleni wanatumia utaratibu rahisi wa nne nne. Mkalishe wima, usimlaze. Tikisa pampu, bonyeza mara 1 kwenye kopo la kuvutia, mtoto avute pumzi 4 humohumo, tikisa tena bonyeza tena, mpaka zifike 4. Subiri dakika 4. Kama hajapata nafuu rudia 4 nyingine. Kama bado, safari ya hospitali inaanza na mnaendelea kumpa 4 kila baada ya dakika 4 njiani. Kosa kubwa ninaloliona ni watu kubonyeza zote kwa mkupuo, dawa inaishia ulimini.

@Kipara uko sahihi kuhusu moyo kwenda mbio na kutetemeka, ni kweli inatokea na inapita yenyewe. Ila mtoto aliekosa hewa yuko kwenye hatari kubwa kuliko moyo kukimbia kidogo, tusimnyime dawa kwa hofu hiyo. Na kidonge kinachelewa kufanya kazi na kutetemesha kinatetemesha zaidi, maana kinapita mwili mzima. Hapo kwenye dirisha nakuunga mkono.

Bibi, ya mjukuu wako ni kitu kingine kabisa tusikichanganye na uzi huu. Midomo kuvimba na sauti kukauka Piriton haitoshi, hapo dawa ni sindano ya adrenalini ya pajani, mpeleke kwa daktari wiki hii aandikiwe karatasi yake peke yake na shule waambiwe wazi asipewe korosho na yeyote.

Bibi_Korosho:
Asante mwanangu, nimekuelewa. Jumatatu nampeleka.

Mwl_Nachingwea:
Nyie mna bahati mna nesi. Shule yangu ya serikali darasa moja lina watoto kibao na nesi hatuna, dawa zinakaa kwenye droo ya mwalimu wa afya. Ila nichangie moja maana limenikuta mimi. Karatasi inaweza kuwa nzuri kama dhahabu, siku mtoto anabanwa mwenye ufunguo kaenda mjini kufuata mshahara. Mama Zuhu uliza nesi asipokuwepo nani anafungua hilo kabati? Na uwanjani kwenye michezo pampu inakuwa wapi? Ila mtoto kukaa nayo mfukoni mi sikubali, wenzie wataichezea inaisha siku moja.

Mama_Zuhu:
Sista Mungu akubariki, hilo la saa na dalili sijawahi kuambiwa hivyo na mtu. Kopo la kuvutia letu lilipasuka na huku madukani sijaliona, bila hilo anavuta moja kwa moja mdomoni. Na pampu yenyewe haina namba za kuhesabu, nitajuaje imeisha? Naitikisa nasikia maji bado.

Sista_wa_Wodi:
Kopo unatengeneza. Chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, safi na kavu, kitakoni toboa tundu la umbo lilelile la mdomo wa pampu, iingie ikaze hewa isivuje, pembeni zungushia plasta. Mtoto anaweka mdomo pale kwenye shingo ya chupa. Afrika Kusini walishaipima chupa hiyo kwa watoto wenye pumu ikafanya kazi sawa na kopo la kununua. Ioshe kwa maji ya sabuni kwanza, usiisuuze wala kuifuta, iache ikauke yenyewe, la sivyo dawa inanasa kwenye kuta za chupa.

Kutikisa na kusikiliza kunadanganya, gesi inaweza kubaki na dawa imeisha. Pampu nyingi zina mibonyezo 200, angalia imeandikwa kwenye pampu yenyewe. Ndo maana karatasi ya nesi iwe na daftari nyuma yake, kila akipewa anaandika tarehe, saa, mara ngapi, alikuwaje kabla na baada. Hilo daftari lina kazi nyingine kubwa zaidi. Ukiona anaihitaji ya bluu zaidi ya mara 2 kwa wiki maana yake ya kahawia haitoshi au havuti vizuri, rudi kliniki nalo. Na akihitaji tena kabla ya masaa 4 kupita, siku hiyohiyo aonwe hospitali hata kama ametulia.

Halafu pampu isikae dirishani juani, joto la huku linaiharibu.

Kuhusu kukaa nayo mfukoni mwalimu mi natofautiana na wewe. Wa miaka 8 anaejua kuisema "nimebanwa" anaweza kubeba, wapo wengi.

Mwl_Nachingwea:
Wa kwako wodini labda, njoo darasani kwangu uone 😀

Kipara_wa_Newala:
Hiyo ya chupa sikuijua aisee. Namtengenezea mdogo wangu leo.

Mama_Zuhu:
Mrejesho wadau. Nimeenda kliniki na karatasi, daktari kajaza na kusaini, jana nikakaa na nesi. Hakununa hata kidogo, kasema mwenyewe aliandika haraka watoto walikuwa wengi. Mpya inasomeka hivi:

"Apewe pampu ya bluu WAKATI WOWOTE akikohoa mfululizo, kifua kikipiga filimbi au akisema kimebana. Mbonyezo 1 kwa wakati kupitia chupa, pumzi 4, jumla 4. Subiri dakika 4, rudia mara 1. Asipopata nafuu, au hawezi kumaliza sentensi, mbavu zinabonyea, midomo imebadilika rangi: hospitali MARA MOJA huku mkiendelea kumpa, mzazi apigiwe mkiwa njiani. Asiachwe peke yake. Siku za salfa akae ndani, asifagie uwanja."

Hapo kwenye mzazi kupigiwa ndo nilisisitiza, maana mwanzo walikuwa wananisubiri mimi nifike ndo aende. Bajaji ya jirani na shule tumeongea nae, nimemuachia na hela ya mafuta.

Ufunguo wa pili kapewa mwalimu wa darasa. Ila mtoto kubeba pampu mwalimu mkuu kagoma, kasema mpaka kikao cha wazazi. Mi nataka abebe kwasababu choo na uwanja viko mbali na ofisi. Kuna mtu shule yake imemruhusu, mliwashawishi vipi?

Sista_wa_Wodi:
Safi sana. Kwa mwalimu mkuu omba pampu mbili, moja kabatini moja kwenye mkoba wa mwalimu wa darasa, inatoka nae uwanjani. Sio yote uliyotaka ila hatakataa. Na kabla ya kikao mwambie mtoto amuonyeshe nesi anavyovuta, wengi tunadhani wanajua kumbe wanapulizia nje.