Tupeane uzoefu: pesa ya mwenye duka na pesa ya duka, mnaziandikaje?

Mama Duka Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la vyakula hapa Morogoro: mchele, unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni. Ni langu peke yangu. Jina la biashara nimesajili BRELA, sina kampuni wala mbia.

Mwaka jana nilimwachisha kazi kijana wangu wa dukani. Duka lilikuwa linauza, jioni watu wamejaa, lakini nikienda kuchukua mzigo pesa haitoshi hata kurudisha ule wa wiki iliyopita. Nilipopiga hesabu nikaona pengo la karibu laki mbili kwa mwezi. Sikuwa na mwingine wa kumshuku. Nilimwambia aondoke siku hiyohiyo, tena mbele ya wateja.

Nikakaa dukani mwenyewe miezi miwili, na pengo likabaki palepale. Ndipo nikaanza kuandika kila ninachochukua mimi. Asubuhi elfu nane kutoka kwenye droo, ya mboga na nauli ya watoto. Jioni napima sukari na mafuta ya nyumbani. Ada ya mtoto nayo ilitoka dukani. Mwezi ulipoisha nikajumlisha, nikafunga daftari nikakaa kimya muda mrefu.

Naomba uzoefu wenu. Nikitoa pesa ya nyumbani niiandike pamoja na gharama za duka au pembeni? Na mwezi uliopita niliingiza hela yangu ya kikoba kuongeza mzigo, nikaiandika kwenye mauzo. Nilikosea?

Fundi Aluminiamu
Pole mama. Mimi nilipona pale nilipojipangia mshahara. Kila tarehe 30 najilipa laki nne, naiandika gharama kama mshahara wa fundi mwingine yeyote. Nje ya hapo sigusi. Tangu nianze hivyo sijawahi kukosa hela ya kununua mabomba na vioo. Andika gharama tu, duka ndilo linakulisha.

Mhasibu wa Mtaa
Fundi, nidhamu yako ni nzuri na usiiache. Mahali unapoiandika ndipo penye tatizo. Biashara ya mtu mmoja haiwezi kumwajiri mwenye nayo, kwa sababu wewe na karakana yako ni mtu mmoja. Ile laki nne ni faida yako unayoichukua kidogo kidogo, au ni mtaji wako unaoula kama faida haikufika hapo. Ukiipeleka kwenye gharama, mwezi uliopata laki tano utaonekana umepata laki moja. Na ukifika hatua ya kupeleka hesabu TRA, mshahara huo utaondolewa, maana sheria hairuhusu matumizi binafsi ya mwenye biashara kupunguza mapato yanayotozwa kodi. Ungekuwa na kampuni tungezungumza mengine.

Mama Duka, ulipoandika hela ya kikoba kwenye mauzo ulikosea, lakini linarekebishika. Nipe namba za mwezi uliopita: mauzo bila ile ya kikoba, mzigo uliouzwa ulinunuliwa kwa bei gani, kodi ya fremu, umeme, msaidizi. Halafu ulichotoa na ulichoingiza wewe.

Kinyozi wa Stendi
Mimi saluni yetu ni ya watu wawili, mimi na shemeji. Yeye anachukua kila siku, mimi nachukua mwisho wa mwezi, na kila mwisho wa mwezi ni ugomvi. Na mimi nijumlishe hivyo hivyo?

Mhasibu wa Mtaa
Kinyozi, yenu ni ubia, na kila mmoja anahitaji ukurasa wake: alichoweka, alichotoa, na fungu lake la faida kama mlivyokubaliana. Mkichanganya ukurasa mmoja ugomvi hautakwisha. Fungua uzi wako tuuzungumze huko, hapa dada anauliza la mtu mmoja.

Mama Duka Kihonda
Asante sana. Mauzo 4,200,000. Mzigo uliouzwa niliununua kwa 3,400,000. Fremu 150,000, umeme 40,000, binti anayenisaidia sasa 150,000. Mimi nimetoa: ada 350,000, ile elfu nane kila siku kwa siku 30 ni 240,000, na bidhaa za nyumbani nimekadiria 70,000 kwa bei ya kununulia. Kutoka kikoba niliingiza 500,000. Mwanzo wa mwezi nilihesabu mali na pesa taslimu, ikawa 6,000,000. Mwisho wa mwezi 6,300,000, kwa hiyo nikasema duka limeniletea laki tatu. Sina madeni.

Mhasibu wa Mtaa
Umefanya kazi nzuri, wengi hawafiki hapo. Sasa twende taratibu.

Mauzo ukitoa bei ya mzigo inabaki 800,000. Toa fremu, umeme na msaidizi, jumla 340,000. Faida ya duka ni 460,000. Kwa hiyo duka halikuleta laki tatu, lilileta zaidi.

Umetoa 350,000 na 240,000 na 70,000, jumla 660,000. Duka limezaa 460,000, wewe umekula 660,000. Umemega mtaji kwa laki mbili. Hilo ndilo pengo lako, na nadhani ndilo lile la mwaka jana. Hukuliona mwezi huu kwa sababu laki tano ya kikoba imelifunika: 6,000,000 jumlisha 460,000 jumlisha 500,000 toa 660,000 unapata 6,300,000. Bila kikoba ungehesabu 5,800,000.

Hata mtu asiyeandika mauzo yake yote anaweza kuipata faida kwa kurudi nyuma. Chukua mtaji wa mwisho, toa wa mwanzo, rudisha alichotoa mwenyewe, ondoa alichoingiza mwenyewe. Yako: 300,000 jumlisha 660,000 toa 500,000, inarudi 460,000. Lakini njia hii inategemea mambo mawili, kuhesabu mali kwa uaminifu na kuandika hizo namba mbili za mwenyewe. Ukisahau 100,000 uliyotoa, faida itaonekana pungufu kwa 100,000 na utaanza kumtafuta mwizi.

Kwenye daftari fungua ukurasa wa nyuma wenye safu mbili: NIMETOA na NIMEINGIZA. Tarehe, kiasi, ya nini au imetoka wapi. Andika kabla ya kuishika noti, ukisubiri jioni utasahau nusu. Safu hizo zisiguse ukurasa wa gharama wala wa mauzo.

Dada wa Vitenge
Hapo kwenye bidhaa za nyumbani naongeza langu. Harusi ya mdogo wangu nilitoa doti nne dukani. Nanunua 18,000, nauza 25,000. Nikaona nisijipendelee, nikaandika mauzo ya 100,000 kama nimemuuzia mteja. Jioni droo ikapungua 100,000 na kitabu kinaonyesha nimepata faida 28,000. Faida ya nguo niliyojipa mwenyewe! Nilihangaika siku mbili kutafuta hela ambayo haikuwahi kuingia.

Aliyenifundisha ni mama mmoja tuliyepakana fremu. Akaniambia futa kwenye mauzo, punguza mzigo kwa 72,000 uliyonunulia, andika 72,000 kwenye ulichotoa. Basi. Siku hizi kitenge nikikivaa mimi nakiandika palepale nakikata.

Mhasibu wa Mtaa
Huyo mama jirani anajua kazi. Mama Duka naye alifanya vizuri kukadiria kwa bei ya kununulia.

Wa Nakuru
Kwetu shida ilikuwa tili ya M-Pesa. Nina duka la spea za pikipiki. Nilipopokea hela ya chama, shilingi 80,000 za Kenya, niliituma kwenye tili ndiyo ninunue taya. Ikaingia katikati ya malipo ya wateja na mimi nikasahau kabisa. Wakati wa kujaza ile kodi ya mauzo ya asilimia 3, nilichukua jumla yote ya tili. Maanake nililipa 2,400 kwa hela yangu mwenyewe, ambayo sikuuza kitu. Sasa hela yangu ikiingia dukani inaingia kwa benki, na naandika maelezo kwenye muamala. Tili ni ya mteja pekee.

Mama Duka Kihonda
Mungu wangu, na mimi ile ya kikoba niliituma kwenye lipa namba.

Mhasibu wa Mtaa
Tunza ujumbe wa simu wa kikoba wa siku ile, na andika kando ya muamala kwamba ni mtaji. Bara pia wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayazidi milioni 100 kwa mwaka wanakadiriwa kodi kwa mauzo, si kwa faida. Hiyo ina maana mbili kwako. Ulichotoa cha nyumbani hakikupunguzii kodi hata ukiandike wapi, kwa hiyo hakuna faida ya kukificha kwenye gharama. Na ulichoingiza kikionekana mauzo kinakuongezea.

Bodaboda Mstaafu
Swali jamani. Hela ya kikoba yenyewe ilikuwa akiba au mkopo? Mimi nilikopa milioni 2 kwa jina langu, milioni 1 na laki 2 nikanunua mzigo, laki 8 nikaezeka nyumba. Riba ikawa laki 2. Marejesho yote yalitoka dukani na nikaandika yote gharama. Duka likaonekana linakufa.

Mhasibu wa Mtaa
Marejesho ya mkopo wenyewe si gharama hata kidogo, unarudisha cha watu. Riba ndiyo gharama, na si yote. Asilimia 60 ya mkopo ilikwenda dukani, basi 120,000 ya riba ni ya duka na 80,000 ni ya bati zako, inaingia kwenye NIMETOA. Vilevile na marejesho: sehemu ya bati ikilipwa na duka ni umetoa wewe.

Fundi Aluminiamu
Hapo sikubali. Mkopo ni wa jina lake, duka halikusaini kitu. Mimi ningeandika 1,200,000 nimeingiza mtaji, na kila rejesho linalotoka dukani nimetoa, riba na yote. Ni rahisi na hakuna kugawanya.

Mhasibu wa Mtaa
Njia yako inafungika kihesabu, mkuu. Lakini duka litaonekana lina faida kubwa kuliko ukweli, kwa sababu linatumia pesa ya mkopo bila kubeba riba yake. Akitaka kujua kama kukopa kulimlipa hatajua.

Fundi Aluminiamu
Na yako inamtaka mtu akumbuke asilimia kwa mwaka mzima. Mtu wa kawaida ataiacha mwezi wa pili. Tutakubaliana kutokubaliana.

Mama Duka Kihonda
Yangu ilikuwa akiba, namshukuru Mungu. Nimeifuta kwenye mauzo na nimefungua ukurasa wa nyuma. Elfu nane nimeishusha ikawa elfu tano, na ada ya muhula ujao nitaitafuta kwingine.

Lingine. Jana nilimfuata yule kijana. Yuko kwenye duka la vifaa vya ujenzi sasa. Nilimwomba radhi mbele ya bosi wake, maana nilimfukuza mbele za watu. Siku namfukuza sikumlipa nusu mwezi, 75,000. Nimempa mkononi. Hiyo niiandike kwenye nilichotoa mimi?

Mhasibu wa Mtaa
Hapana mama. Alilifanyia kazi duka, huo ni mshahara. Ni gharama ya duka, ya mwezi ule alioufanyia kazi. Kama umeitoa mfukoni mwako na si kwenye droo, basi andika pia 75,000 kwenye NIMEINGIZA.