Mwombaji kanyamaza tangu apewe ofa: meseji ya mwisho kabla ya kufunga faili niiandike vipi?

BintiKiwengwa – Jumatatu
Assalamu alaykum. Nashughulika na ajira kwenye hoteli moja Kiwengwa. Tunatafuta mhudumu wa mapokezi zamu ya usiku, aanze tarehe 1 Julai. Kijana wa Wete alifanya vizuri kwenye usaili, na Ijumaa tarehe 12 tukamtumia barua ya ofa kwa barua pepe. Tangu hapo kimya. Nimempigia mara moja haikuita, nimemtumia WhatsApp mara mbili. Wa pili kwenye orodha anasubiri na wageni wanakaribia kuja. Nimeandika hivi, naomba mnisahihishie kabla sijatuma:

"Habari. Tumekutafuta bila mafanikio. Usipojibu hadi Ijumaa saa 12:00 tutafunga faili lako na hutafikiriwa tena katika hoteli hii."

Pwani_22
Alaykum salaam. Kama tiki zimekuwa buluu basi kasoma na kakunyamazia makusudi. Mpe nafasi wa pili leo leo, hiyo meseji utapoteza muda wako tu.

BintiKiwengwa
Hazijawa buluu. Tiki moja tu, ya kijivu.

MzeeWaAjira
Wa alaykum salaam. Bibie, hapo kwenye tiki pana jambo. Tiki moja maana yake ujumbe haujafika kwenye simu yake: huenda simu imezimwa, hana bando, au namba ameshaiacha. Tiki mbili za kijivu umefika, na hata hapo huwezi kusema hajausoma, kwa sababu mtu anaweza kuzima alama ya kusoma. Kwa hiyo hujui bado kama kanyamaza au hajapata habari. Ukifunga faili kwa mtu ambaye hakupata kitu, utakuwa umempoteza mwombaji mzuri kwa sababu ya bando.

Kwa hiyo onyo la mwisho lipite njia mbili alizokupa mwenyewe: meseji ya kawaida ya simu, ambayo haihitaji intaneti, na barua pepe. Kwenye kichwa cha barua pepe andika "Ofa ya kazi: inafungwa Ijumaa", usiandike "Ukumbusho". Na kabla ya yote hakikisha namba. Ikiwa uliihifadhi kwa +255 ukaiacha na sifuri ya mbele, huenda simu yako haikumfikia.

Sasa maneno yenyewe. "Saa 12:00" ni hatari. Wewe umekusudia adhuhuri, lakini mtu wa Wete akisoma saa 12 anaelewa magharibi. Atakujibu saa 11 jioni akiamini kawahi, nawe umeshampa kazi mwenzake. Na kama ni adhuhuri kweli, Ijumaa wakati huo watu wanajiandaa kwenda msikitini. Andika saa kwa hesabu yetu na neno la wakati mbele yake: saa 10 jioni.

Kalamu
Naunga mkono. Nami ningeifuta "hutafikiriwa tena". Unachofunga ni faili la nafasi hii moja. Sentensi ile inamwambia jambo ambalo huenda wewe mwenyewe hutolitekeleza, maana msimu ujao utamtafuta tena. Tena inamtia aibu aliyechelewa kwa sababu ya msiba au maradhi, naye ataona bora anyamaze kabisa.

Na usimwachie mtu maswali ya kutunga jibu. Mpe maneno matatu achague: NDIYO, HAPANA, MUDA. La tatu ndilo muhimu. Wengi wanaonyamaza baada ya ofa hawajakataa; wanangoja jibu la pengine, au hawajajua watakaa wapi huku Unguja, au mwajiri wao wa sasa anadai notisi. Mtu wa namna hiyo hawezi kusema ndiyo, anaona haya kusema hapana, basi anakaa kimya.

mkaazi_wa_wete
Na mimi je? Niliomba kazi hoteli moja tangu mwezi wa nne, nikafanyiwa usaili, hawajanijibu mpaka leo. Niwatumie meseji kama hiyo, kuwa nitafunga faili lao?

MzeeWaAjira
Mwanangu, lako ni la upande wa pili. Huna faili la kufunga. Waandikie mara moja, utaje nafasi na tarehe ya usaili, uulize kama nafasi imeshajazwa. Wasipojibu, endelea kuomba kwingine.

BintiKiwengwa, hujatwambia: barua ya ofa yenyewe inasema inadumu hadi lini?

BintiKiwengwa
Nimeifungua sasa hivi. "Ofa hii itadumu siku 7 kuanzia tarehe ya barua." Barua ni ya tarehe 12.

MzeeWaAjira
Basi siku zako zinaishia Ijumaa tarehe 19, na huwezi kufunga kabla ya hapo. Meseji ikisema Alhamisi na barua ikasema siku 7, yeye atashika barua, na atakuwa na haki. Weka Ijumaa 19 Juni saa 10 jioni, uitume kesho Jumanne asubuhi saa 3. Atakuwa na siku tatu na zaidi.

Meseji ya simu ingekuwa hivi:

"Ni .... wa hoteli Kiwengwa. Ofa ya mapokezi bado ni yako. Jibu NDIYO, HAPANA au MUDA kabla ya Ijumaa 19 Juni saa 10 jioni. Baada ya hapo tunafunga faili."

Jina lako likiwa la herufi nne, jumla ni herufi 153 pamoja na nafasi. Meseji moja hubeba 160. Ila usitie emoji hata moja, wala alama ya kukatisha iliyopinda ambayo simu nyingine huiweka zenyewe kwenye neno kama "ng'oa". Ikiingia moja tu, kiwango kinashuka hadi herufi 70, na meseji yako inakatwa vipande vitatu.

Pwani_22
Nakubali la tiki nilikosea. Lakini wa pili kwenye orodha naye atakimbia. Ampe ofa sasa, akijibu wa kwanza ataangalia.

Kalamu
Hapana, hapo ataishia na watu wawili na kiti kimoja. Mwambie wa pili ukweli: "Utapata jibu letu Jumamosi tarehe 20 asubuhi." Ijumaa saa 10 ikipita bila neno, angalia simu, barua pepe na sanduku la barua taka, ndipo ufunge. Kwenye faili andika "hakujibu", pamoja na tarehe na njia ulizotumia. Usiandike "amekataliwa", kwa sababu mwakani atakayefungua faili hilo ataelewa vingine. Na akijibu MUDA, muulize siku ngapi, umpe tarehe moja, usimpe ya pili.

BintiKiwengwa
Ahsanteni sana, naituma kesho saa 3. Limebaki moja. Kwenye fomu kaandika namba ya mama yake, ya kupigiwa dharura. Nimpigie?

MzeeWaAjira
Mimi ningempigia, niseme tu: "Naomba umwambie mwanao aangalie simu yake." Kazi wala ofa nisiitaje.

Kalamu
Mimi nisingepiga. Namba ile aliitoa kwa ajili ya dharura, na huenda nyumbani hawajui kuwa anataka kuhama Pemba. Simu moja tu ya mgeni kutoka Unguja na maswali yameanza.

MzeeWaAjira
Hilo la nyumbani sikuwa nimeliwaza. Lakini kama namba yake mwenyewe imekufa, hiyo barua pepe asiyoifungua ndiyo itakayomfikia?