Wenye ofisi za kushea, tupeane uzoefu: bei ya saa, siku na mwezi mnapangaje?

Mzee wa Sinza: Wadau, leo Ijumaa nimekaa mapokezi nikahesabu watu sita kwenye viti 20. Juzi Jumatano nilirudisha watu mlangoni. Jumanne hadi Alhamisi wanakaa kwa wastani 18, Jumatatu tisa. Natoza 2,000 kwa saa, 10,000 kwa siku, 100,000 kwa mwezi. Kodi, intaneti, umeme, dizeli na mishahara ni 2,800,000 kwa mwezi. Wa mwezi ni 14, wananipa 1,400,000; wa siku na wa saa wanaongeza kama 900,000. Mwezi wa tatu huu natoa pesa mfukoni. Mliopitia hapa, mlifanyaje?

Binti Kariakoo: Ijumaa weka nusu bei, watajaa. Saluni nilifanya hivyo.

Fundi Hesabu: Dada, saluni ni tofauti kidogo. Wale sita wa Ijumaa wangekuja hata kwa bei kamili. Ukikata nusu kwa wote, unahitaji 12 ili upate pesa ileile ya sita, na wengine watakuwa wa Alhamisi waliosogea tu.

Mzee, tatizo lako liko kwenye bei ya mwezi. Wiki yako ni viti 69 vinavyokaliwa kati ya 100. Kwa siku 22 za kazi ni kama viti 304, kwa hiyo kila kiti kinachokaliwa kinakugharimu kama 9,200. Mtu wa mwezi anayekuja siku 15 anakulipa 6,700 hivi kwa siku. Tena anakuja Jumatano, siku unayomfukuza mwenye 10,000 mkononi. Kiti chako cha bei ghali umekiuza kwa bei ya chini kabisa.

Mama Twaha: Hapo kwa mwezi umesema kweli tupu.

Kaka Mbezi: Mmenikumbusha ule mgao wa umeme wa 2023. Nilikuwa na viti 24 na wanachama wa mwezi 40. Nilikuwa najisifu, maana siku za kawaida hawakuzidi 20. Asubuhi moja mtaa mzima giza, jenereta yangu pekee ndiyo inaunguruma. Kufika saa nne walikuwa 37. Watu wamekaa kwenye ngazi, kompyuta mapajani, waya wa ekstensheni umepita juu ya kichwa cha mtu aliyekuwa kwenye usaili wa kazi. Intaneti ikalala. Dada mmoja alinishika mkono akaniambia, "Kaka, nimelipia nini?" Sikuwa na jibu. Wiki ile walidai pesa zao watu tisa, nikarudisha zote.

Mama Twaha: Pole sana. Yule wa usaili aliipata kazi?

Kaka Mbezi: Hakurudi tena, sijui. Bado ananikaa moyoni. Siku hizi wa mwezi hawazidi 26.

Nyumba ya Goba: Samahani, na mimi nina vyumba viwili vya kupangisha. Hii hesabu inanihusu?

Fundi Hesabu: Hapana mkuu, mpangaji wako analala hapo kila siku, si Jumatano tu. Turudi kwa Mzee. Ningeweka siku 12,000. Saa 3,000, na ikifika ya nne inahesabika siku nzima. Mwezi 150,000. Halafu kifurushi cha Jumatatu na Ijumaa peke yake, 60,000.

Bosi Upanga: Hapo sikubali. 60,000 kwa siku nane au tisa ni kama 7,000. Umesema mwenyewe kiti ni 9,200. Unamfundisha mwenzio kuuza kwa hasara!

Fundi Hesabu: Ile 9,200 ina kodi ndani yake, na kodi inalipwa kiti kikiwa kitupu au kimekaliwa. Ijumaa mtu wa ziada anakuongezea umeme kidogo na chai. Ila akitaka kuja Jumatano, alipe siku kamili.

Bosi Upanga: Na wa 150,000 wakihamia huko wote?

Fundi Hesabu: Anayehama amekuachia kiti cha Jumatano. Wakihama wengi na Jumatano isijae, hapo utakuwa na haki.

Mwana Nairobi: Huku kwetu saa ndiyo iliniumiza. Mtu anaingia saa nne, anatoka saa saba, siku ya kile kiti imeshakatika katikati na hakuna wa kukichukua. Nikaweka wa saa waanze saa nane mchana siku zilizojaa. Wengine walinuna, lakini viti vya asubuhi nikaviuza kwa siku.

Mzee wa Sinza: Hao 14 wa zamani niwapandishie mara moja? Watano wamekuwa nami tangu nafungua.

Mama Twaha: Wape miezi miwili ya bei ya zamani.

Bosi Upanga: Mwezi mmoja. Dizeli haisubiri.

Mzee wa Sinza: Jumatatu nawaita hao watano kwanza, mmoja mmoja. Ijumaa ijayo nitahesabu tena viti nije kuwaambia.