Mrejesho: Nimepatana na rafiki yangu

Niliuliza: “Nilimtuhumu rafiki yangu katika kundi letu la WhatsApp kwamba amekula michango ya mazishi, nimwandikie nini faraghani?”

Nilifuta rasimu iliyosema “samahani kama nilikukosea”, kwa kuwa hilo “kama” lilimtwisha yeye mzigo wa kuthibitisha kosa langu, nikaandika: “Nilikutuhumu kabla ya kukuuliza. Nilikosea. Si lazima unijibu leo.” Alinyamaza siku tatu, nami sikumsukuma. Tulipokutana ufukweni Dunga, Kisumu, samaki wetu aina ya ngege akipoa sahanini, alinieleza kwamba kilichomuuma zaidi ni wale waliocheka. Jioni hiyo, baada ya kumsomea kwanza, niliikanusha tuhuma yangu kundini kwa sentensi moja. Maumivu yake sikuyataja, kwani hayo aliniambia mimi peke yangu.