Naomba ushauri: shati la bluu nzito kuwa krimu kwenye picha ya sare mpya

Wakuu, nina picha ya mhudumu wa boti, imepigwa juani ufukweni Kirumba, na mwenyewe ameridhia itumike. Shati lake la bluu nzito linatakiwa lionekane la krimu kabla fundi hajakata kitambaa. Kwenye GIMP nimezungushia shati, nikaweka leya ya krimu kwa `HSL Color`: rangi imebadilika ila giza limebaki, maana hali hiyo haigusi mwanga. Nikainua `Curves`, mikunjo ya kwapani ikatoa chengachenga, na ukosi ukaacha ukingo wa bluu shingoni. Niendelee kusafisha, au nimpige upya akiwa na shati jeupe, kisha nipake krimu kwa `Multiply`? Jeupe hubeba vivuli vyake vizuri, ila jua hili la ziwani linaunguza mabega mpaka mikunjo inapotea. Nisubiri saa ngapi?