Ghala na usafiri nawapa kampuni, Malindi hadi Lamu: kwenye mkataba wa viwango vya huduma niweke nini?

Jumla_Malindi

Assalamu alaykum jamaa. Mimi nauza jumla hapa Malindi: mafuta ya kupikia, unga, sabuni na juisi za pakiti. Wateja wangu wengi wako Lamu mjini na Shela, na wawili wako Faza. Miaka yote nimekuwa na stoo yangu na kenta langu. Sasa kenta limechoka na karani wangu wa stoo amehama, kwa hiyo mwezi uliopita nilianza majaribio na kampuni moja. Wao wanaweka mali kwenye godauni lao, wanapakia, wanasafirisha mpaka dukani kwa mteja.

Majaribio yamekwisha na wameniletea mkataba wa miaka miwili nitie sahihi. Upande wa viwango una mstari mmoja tu: "Asilimia 95 ya oda zitatumwa kwa wakati." Ripoti yao inasema mwezi huo wameifikia hiyo 95. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikipigiwa simu. Duka moja la Langoni lilipokea katoni 20 za mafuta, 6 zimelowa na mbili zimepasuka chini kabisa. Mwenye duka alipogeuka, kijana wa punda ameshaenda zake. Kampuni ikanijibu kwamba mali ilitoka getini kwao ikiwa salama.

Nataka kuendelea nao maana stoo yao ni safi na bei naiweza. Ila nisaidieni, niongeze nini kabla ya sahihi?

Kijana_wa_Gede

Waalaykum salaam. Dawa yao ni faini. Weka shilingi elfu tano kwa kila oda iliyochelewa na elfu kumi kwa kila oda iliyoharibika. Utaona watakavyonyooka. Mkataba usio na maumivu ni karatasi tu.

Mtu_wa_Godauni

Ndugu Jumla, nimekaa upande wa pili wa meza hiyo kwa miaka mingi, Mombasa, nikiandika mikataba hiyo hiyo kwa niaba ya wenye magodauni. Kabla ya faini, tazama lile neno "zitatumwa". Hapo hakuna aliyekudanganya. Saa yao inasimama lori linapotoka getini Malindi, na saa ya mteja wako inasimama mzigo unapowekwa mlangoni kwake. Katikati kuna barabara ya Garsen na Witu, gati la Mokowe, boti, na punda.

Fanya hivi leo. Chukua oda zote za mwezi wa majaribio na upige simu dukani, ukiuliza kila duka mambo mawili: mzigo ulifika lini, na ulikuwa kamili na mzima? Kisha hesabu upya, rudi hapa.

Bi_wa_Shela

Samahani jamaa, nami nina swali hilo hilo. Nina vitanda vinne na makabati ya nyumba ya wageni vimekwama Malindi. Nani anasafirisha kwa bei nafuu mpaka Shela? Wa mwisho alinitoza mpaka Mokowe, halafu mahamali na boti nikalipa tena mimi.

Mtu_wa_Godauni

Bi Shela, swali lako la bei lifungulie uzi wake utapata wengi. Lakini umemsaidia ndugu yetu bila kukusudia. Yaliyokupata ndiyo yanayotokea mkataba unaposema "Lamu" bila kusema ni Lamu ya bara au ya kisiwani, na bila kusema nani anamlipa hamali.

Jumla_Malindi

Nimerudi. Imenichukua siku mbili za simu. Oda zilikuwa 40. Zilizotoka getini kwa wakati ni 38, kwa hiyo 95 yao ni kweli. Zilizofika dukani ndani ya muda niliowaahidi wateja ni 31, yaani asilimia 77.5. Katika hizo 31, tano zilikuwa na upungufu au uharibifu. Zilizofika kwa wakati, kamili na nzima, ni 26. Hiyo ni asilimia 65. Nimeshtuka kweli.

Mtu_wa_Godauni

Hiyo 26 kati ya 40 ndiyo namba ya kuingia kwenye mkataba. Kipimo kiwe kimoja: oda iliyofika kwa wakati, kamili na nzima, kwa sahihi ya mwenye duka. Ukivitenganisha watakuletea alama nzuri mbili kwa oda moja mbovu.

Halafu andika saa inaanza wapi na inaishia wapi. Kwa mfano: oda iliyoingia kabla ya saa nne asubuhi inapakiwa siku hiyo, lori linaondoka alfajiri inayofuata, na mzigo unakabidhiwa dukani Lamu mjini au Shela kabla ya saa kumi jioni. Oda iliyoingia baada ya saa nne inahesabiwa ya kesho. Faza iwe na saa yake peke yake. Ukiichanganya na ya mjini, itaharibu hesabu au itakuwa kisingizio.

Baada ya saa, mikono. Mzigo wako unapita makabidhiano manne: getini, Mokowe, ufukweni Lamu, dukani. Kila penye makabidhiano katoni zihesabiwe, ziangaliwe, na watu wawili watie sahihi pamoja na saa. Kampuni ya Malindi huenda haina boti wala punda, inakodi. Sawa, ila kifungu kiseme wazi kwamba itawajibika kwa kazi ya kila iliyemkodi kama vile ni kazi yake yenyewe. Bila maneno hayo ile katoni iliyolowa haina mwenyewe: lori litasema boti, boti itasema hamali.

Na mwenye duka apewe muda wa kusema. Upungufu unaoonekana uandikwe kwenye hati ya kupokelea palepale, kabla ya punda kuondoka. Kasoro iliyofichika ndani ya katoni, mpe saa 24.

Nahodha_Mokowe

Nimesoma yote. Mimi ni mtu wa boti, na naomba tusibebeshwe kila kitu. Katoni za chini hulowa kwa sababu lori limefika limechelewa, hakuna anayetaka kulala Mokowe, basi mzigo unatupwa ndani bila mbao za kuinulia na bila turubai. Kama mnaandika, andikeni kwamba boti iwe na sakafu ya mbao na turubai, na mafuta yapangwe chini, juisi na unga juu. Tukilipwa kwa hayo tutayafanya.

Jambo jingine. Kampuni nyingi huweka kifungu cha "sababu zilizo nje ya uwezo wetu", kisha humo ndani wanatia maji kupwa. Kupwa na kujaa kunajulikana miezi mbele, kuko kwenye jedwali la maji. Kwenda Faza unapitia Mkanda, na safari hiyo kila nahodha anaipanga kwa maji. Aliyeshindwa kupanga asiseme ni kazi ya Mungu. Kusi likichafuka hilo ni lingine.

Mtu_wa_Godauni

Nahodha amenena. Kifungu hicho kitajwe kwa majina, kisiachwe wazi. Mimi ningekubali mambo matatu: barabara kufungwa na mamlaka, kama mafuriko ya Novemba 2023 yalivyoikata njia upande wa Gamba, amri ya usalama ya kuzuia magari, na onyo la upepo mkali na mawimbi kutoka Idara ya Hali ya Hewa linalohusu siku hiyo. Kila moja liwe na ushahidi wa maandishi, na wakuarifu ndani ya saa mbili tangu wajue. Lori kuharibika si sababu. Dereva kuugua si sababu.

Sasa kwa kijana wa Gede. Uko sawa kwamba lazima kuwe na gharama ya kukosea. Lakini faini ya kubuni ina shida mbili. Mahakama za Kenya hukataa kiasi kilichowekwa ili kuadhibu. Kinachosimama ni makadirio ya kweli ya hasara. Na kampuni ndogo ikiona faini kubwa itaitia kwenye bei, au itaanza kukwepa oda ngumu za Faza.

Nilizoea kufunga makato kwenye ankara ya usafiri ya mwezi. Lakini angalia idadi yako: kwa oda 40, oda moja ni asilimia mbili na nusu. Oda mbili mbaya zinakushusha pointi tano. Kwa hiyo usiandike asilimia, andika oda. Miezi mitatu ya kwanza ni ya kupima tu, hakuna makato, maana kutoka 26 huwezi kuruka mpaka 38 kwa sahihi. Baada ya hapo, tuseme zikikosewa zaidi ya oda sita kwa mwezi unakata asilimia 5 ya ankara, zaidi ya kumi unakata 10. Miezi mitatu mfululizo juu ya kumi, una haki ya kuondoka kwa notisi ya siku 30. Kwenye mkataba wa miaka miwili, kifungu hicho cha kutoka kitakulinda kuliko makato.

Mali iliyopotea au kuharibika inalipwa kando, kwa bei uliyonunulia pamoja na gharama ya kuifikisha Malindi. Isichanganywe na makato hayo.

Kijana_wa_Gede

Hapo kwenye kutoka nimekubali. Lakini bila faini kwa kila oda, duka moja linaweza kuumizwa kila mwezi na jumla bado ikaonekana nzuri.

Mtu_wa_Godauni

Hoja hiyo ni ya kweli. Unaweza kuongeza kwamba duka lolote lisikosewe mara mbili mfululizo.

Karani_wa_Zamani

Mmeshughulikia safari, naomba niseme la ndani ya godauni. Hesabu ya mali ikifanywa mwisho wa mwezi, msiruhusu ziada ifute upungufu. Nimeona ripoti inasema "tofauti ni sifuri", kumbe mafuta yamepungua katoni 14 na juisi imezidi katoni 14. Katoni moja ya mafuta hailingani na moja ya juisi. Na ziada si baraka: juisi ikizidi maana yake kuna mteja alipelekewa mafuta mahali pa juisi, akanyamaza. Kila bidhaa ihesabiwe peke yake, na ziada na upungufu vyote vihesabiwe makosa.

Nanyi pia mna wajibu. Kampuni ikiwa nzuri itakudai makadirio ya mzigo. Ramadhani na wakati wa Maulidi ya Lamu oda hupanda ghafla. Wakikuomba kwamba mzigo ukizidi makadirio kwa asilimia 20 vipimo visitumike kwa ile ziada, wape. Usipowapa, watakushinda kwa hoja hiyo hiyo baadaye.

Jumla_Malindi

Shukran sana nyote. Nimeketi nao leo. Saa ya kuishia dukani wamekubali, na makabidhiano manne wamekubali ila wameomba Mokowe na ufukweni iwe picha badala ya sahihi mbili. Kuwajibika kwa boti ndiko walikogoma. Wanasema bima yao inaishia gati la Mokowe, na boti ikizama mali ni yangu.

Mtu_wa_Godauni

Picha sawa, kama ina saa na katoni zinahesabika. Kuhusu bima, usiwaachie mali ikatembea majini bila bima ya mtu. Ama wapanue yao mpaka dukani na wakuoneshe hati, ama ukate yako ya mali safarini na wao wapunguze bei.

Nahodha_Mokowe

Mimi nisingekata yangu. Aliyechagua boti ndiye aibebe. Ukikata wewe, watachagua boti ya bei ya chini.

Jumla_Malindi

Nahodha, hilo ndilo linalonisumbua. Jumatatu nitawaomba bei mbili kwa maandishi, moja ikiishia Mokowe na nyingine ikiishia dukani, nione tofauti ni shilingi ngapi kwa katoni. Nitaziweka hapa.