MREJESHO: hashi kugongana wakati wa kutafuta maneno

Niliuliza: "Wakuu, rolling hashi ya modulo 1000000007 inaweza kunipa jibu la uongo, na mara ngapi?"

Jamani asanteni, nimeijaribu hashi hiyo kwenye faili la rekodi za mahindi ya Kibaigwa, herufi kama laki moja. Kutafuta neno moja hakuna shida, kila sehemu ina uwezekano wa kama 1 kwa bilioni wa kugongana, ukizidisha na laki moja unapata 1 kwa 10,000 kwa faili zima, na hata hiyo inaisha ukilinganisha herufi zenyewe hashi zikifanana:

```
if h == hp and s[i:i+m] == p:
```

Kasheshe ni pale nilipotaka vipande vyote vya herufi 20 vinavyojirudia, maana hapo kila kipande kinalinganishwa na kila kingine, pea zinafika kama bilioni 5, gawa kwa bilioni moja unategemea migongano kama 5. Ni ile ya bethdei, watu 23 tu chumbani na tayari uwezekano wa wawili kushea tarehe umepita nusu. Na kweli zilitoka pea ambazo hashi ni ileile ila ukizisoma, moja ni gunia za Mpwapwa nyingine namba za risiti, wala hazifanani.

Nimehamia modulo 2^61 - 1, besi nachagua randomu kila programu ikianza ili mtu asiweze kunitegeshea data. Uwezekano umeshuka hadi kama 2 kwa bilioni, ila kuzidisha kunahitaji biti 128, kwenye Python haikusumbui, kwenye C utumie `__int128`.